Kitenzi kikikatwa vipande sita

Kijana mmoja wa Ngamiani, Tanga, aliniletea ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, ameiandika kwa Kiswahili, juu ya wanawake wanaokaanga samaki pale Deep Sea. Chuo chake, ambacho sitakitaja, kilikuwa kimeipitisha kwenye kigunduzi cha akili mnemba na kigunduzi kikasema imeandikwa na mashine. Nimeisoma. Kama aliandika mwenyewe au la, mimi siwezi kuapa, na kwa kweli hilo silo lililoniudhi. Lililoniudhi ni kwamba namba iliyotumika kumhukumu haikuwa na uwezo wa kusema lolote kuhusu Kiswahili, na hakuna aliyejiuliza imetoka wapi.

Vigunduzi si vya aina moja. Vipo vinavyofunzwa moja kwa moja kutofautisha matini ya mtu na ya mashine. Lakini vingi, tangu GPTZero ilipoingia mtandaoni Januari 2023, vinaegemea kipimo kinachoitwa perpleksiti. Modeli ya lugha inasomeshwa matini kipande baada ya kipande, na kabla ya kila kipande inakisia kitakachofuata. Ikiwa kipande kilichokuja kweli ilikipa uwezekano wa 1 kati ya 8, basi imeshangaa kama mtu aliyekuwa na milango 8 mbele yake bila kujua upi utafunguka. Mishangao hiyo ikitafutiwa wastani kwa vipande vyote, hiyo ndiyo perpleksiti. Ikiwa ndogo, modeli haikushangaa, na kigunduzi kinahitimisha kwamba matini imetoka kwa modeli mwenzake.

Neno la kuangalia hapo ni “vipande”. Vipande hivyo, yaani tokeni, si maneno, na wala si mofimu tulizofundishwa kwenye sarufi. Kikata tokeni hutengenezwa kwa takwimu. Huanza na herufi moja moja, hutafuta jozi inayojirudia zaidi katika matini ya mafunzo na kuiunganisha, kisha hutafuta nyingine, hivyo hivyo mpaka msamiati wake ujae. Msamiati wa GPT-2, modeli ya lugha ya mwaka 2019, una tokeni 50,257, na matini iliyoutengeneza ilikuwa karibu yote Kiingereza. Maneno ya kawaida ya Kiingereza yamepata kiti chao kizimakizima. Kitenzi chetu kimebaki kujipanga kwa makombo.

Chukua neno moja kutoka kwenye ripoti ile: alimwandikia. Mama mmoja muuza samaki alikuwa amemwandikia barua mtendaji wa kata. Kisarufi lina mofimu 6: a-li-mw-andik-i-a. Tuseme kikata tokeni kimekuwa na adabu na kukata palepale kwenye mipaka ya mofimu. Tuseme pia, kwa ajili ya hesabu tu, modeli inakijua Kiswahili vizuri na inalipa neno zima uwezekano wa 1 kati ya 4,096. Nimechagua namba hiyo kwa sababu inagawanyika vizuri.

Sasa angalia mshangao ulipo ndani ya neno. Kiambishi “a” ni mmoja kati ya nafsi kadhaa zilizowezekana, tuseme 1 kati ya 4. “li” ni rahisi, maana masimulizi yote yako katika wakati uliopita: 1 kati ya 2. “mw” ni 1 kati ya 4. Mzizi “andik” ndio wenye habari yenyewe, 1 kati ya 64. Kisha “i” ya kauli ya kutendea, 1 kati ya 2. Ile “a” ya mwisho ni kama bure. Ingeweza kuwa alimwandikisha, lakini sentensi inayozungumzia barua imeshaifunga njia hiyo, na kwa vile mtendwa ameshatajwa kwa “mw”, kauli ya kutendwa nayo imetoka. Zidisha 4 kwa 2 kwa 4 kwa 64 kwa 2 kwa 1, unapata 4,096.

Lakini perpleksiti haiangalii jumla hiyo. Inaangalia wastani kwa kila tokeni, na wastani wenyewe ni wa kuzidisha. Kwa tokeni 6, ni mzizi wa sita wa 4,096, yaani 4. Kama neno hilohilo, lenye uwezekano uleule, lingekatwa mara 4 tu, tungepata 8. Kwa vipande 3 ni 16, kwa vipande 2 ni 64. Modeli haikubadilika, mwandishi hakubadilika, kilichobadilika ni kisu. Samaki yuleyule wa Deep Sea ukimkata vipande 6 badala ya 4, kila kipande kitakuwa chepesi zaidi kwenye mizani, na mjinga atasema samaki wa Tanga ni wadogo.

Mwenye kigunduzi ameweka mpaka wake akipima Kiingereza. Huko, jambo hilihili husemwa kwa maneno mafupi manne yanayojitegemea, na kwa kawaida kila neno ni tokeni moja. Kama habari iliyobebwa ni sawa, Kiingereza kinapimwa 8 na sisi 4. Mpaka ukiwa 6, mmoja ni mtu na mwingine ni mashine, na wote wawili wamesema jambo moja kuhusu barua moja. Kiswahili kinabeba nafsi, njeo, mtendwa na mnyambuliko ndani ya neno, kwa hiyo kila kitenzi kinazaa vipande vya mkiani ambavyo havina mshangao lakini vinahesabiwa kwenye kigawanyo.

Huu ni upande mmoja wa tatizo, na ungekuwa peke yake tungejua tu kwamba Waswahili wanaonewa. Upande wa pili unakwenda kinyume. Kigunduzi kikitumia modeli ndogo isiyojua Kiswahili, mfano GPT-2 yenyewe, modeli haijui kwamba baada ya “alimw” unakuja mzizi wa kitenzi. Inashangazwa na karibu kila kipande, perpleksiti inapanda, na hata insha iliyotemwa na mashine kuanzia aya ya kwanza mpaka ya mwisho inapita kama kazi ya binadamu. Ndiyo maana nikisikia mhadhiri anasema kigunduzi chake “kinafanya kazi vizuri kwa Kiswahili kwa sababu hakijawahi kumwonea mtu”, nacheka kidogo. Huenda hakijawahi kumkamata mtu pia.

Ukitaka kuona ukataji kwa macho yako, huhitaji mashine kubwa. Kompyuta yoyote yenye Paitoni, maktaba ya transformers na intaneti inatosha:

```python
from transformers import AutoTokenizer
t = AutoTokenizer.from_pretrained("gpt2")
for neno in ["alimwandikia", "hawakutuletea", "nitakapowapigia"]:
    print(neno, t.tokenize(neno))
```

Badilisha jina la modeli, uweke ile inayotumiwa na kigunduzi chako kama wenyewe wamelitaja, halafu linganisha. Usitarajie mipaka ya mofimu iheshimiwe. Kipande kinaweza kuanzia katikati ya njeo kikaishia katikati ya mzizi.

Dawa ya sehemu ya kwanza ya tatizo inajulikana na ni nyepesi: acha kugawanya kwa tokeni, gawanya kwa herufi. Jumla ya mshangao hupimwa kwa biti, na 1 kati ya 4,096 ni biti 12, maana 4,096 ni mbili kumi na mbili zikizidishwa pamoja. Alimwandikia ina herufi 12. Kwa hiyo ni biti 1 kwa herufi, liwe limekatwa vipande 6, 4 au 2. Kama programu yako inakupa hasara ya wastani kwa tokeni, kwa logi asilia, kubadilisha ni mistari miwili:

```python
import math
biti_kwa_herufi = hasara * idadi_ya_tokeni / (math.log(2) * len(matini))
```

Idadi ya tokeni hapo iwe ya zile zilizokisiwa kweli. Tokeni ya kwanza kwa kawaida haikisiwi, maana haina kilichoitangulia.

Kuna sehemu ambayo herufi haziiponyi. Andika: visu vyetu vile vitatu vimeibwa. Ukishasema “visu”, upatanisho wa ngeli umeshakuamulia mwanzo wa kila neno linalofuata. Hapo hakuna hila ya kikata tokeni. Sarufi yenyewe inajirudia, na modeli inayoijua haishangai hata ukiigawanya kwa herufi. Ongeza mazoea yetu ya uandishi. Barua ya ofisi inayoanza na “Husika na kichwa cha habari hapo juu” imeandikwa na binadamu maelfu kwa maelfu, na perpleksiti yake iko chini sana kwa sababu hiyohiyo. Ripoti ya kijana wangu ilikuwa imejaa lugha hiyo, kwa vile chuo chenyewe ndicho kilichomfundisha kuandika hivyo.

Kipimo kingine kinachouzwa pamoja na perpleksiti, kile cha kutazama kama urefu wa sentensi unapandashuka, nacho kinayumba hapa. Kikihesabu maneno, “Hawajatuletea” ni sentensi ya neno 1. Nafasi ya kupandashuka inakuwa finyu. Nisikae sana hapo.

Kwa hiyo mpaka wa Kiingereza hautafsiriki, lazima upimwe upya. Kazi yenyewe si ngumu kiasi cha kukishinda chuo: kusanya ripoti za wanafunzi wako wa zamani, za somo lilelile, zilizowasilishwa kabla ya ChatGPT kutoka tarehe 30 Novemba 2022. Hizo una uhakika wa kutosha kwamba ni za watu. Zipime kwa modeli ileile, kwa biti kwa herufi, uone zinavyotawanyika, halafu ndipo uweke ripoti ya leo kati yao. Nadhani wengi watakuta ripoti za mwaka 2015 zinaangukia upande wa “mashine” kwa mpaka wanaoutumia sasa, na hilo peke yake lingetosha kuahirisha kesi kadhaa.

Hata mpaka uliopimwa vizuri una bei. Ukiuweka mahali ambapo asilimia 5 tu ya maandishi ya kweli ya watu yanaanguka chini yake, darasa la wanafunzi 200 walioandika wote kwa mikono yao litatoa washtakiwa 10. Kwangu mimi 10 ni wengi mno kwa namba isiyo na ushahidi mwingine nyuma yake. Nyaraka za uwandani, rasimu zenye makosa na maswali ya ana kwa ana ndivyo vinavyofaa kuamua, na kijana wa Ngamiani alikuwa na daftari zima la mahojiano ambalo hakuna aliyeomba kuliona.

Nimemshauri aandike barua ya rufaa yenye maswali matatu: kigunduzi kilitumia modeli gani, kiligawanya mshangao kwa tokeni au kwa herufi, na mpaka wake ulipimwa kwa matini ya lugha gani. Barua ameianza na “Husika na kichwa cha habari hapo juu”. Nikamwacha.