Zipu Moja Mbovu, Wauzaji Watatu: Nani Alipe?

"Zipu za mahema tunanunua kwa watu watatu, zote zinaingia sanduku moja. Wa kwanza analeta nusu ya mzigo, mbovu zake 2 kwa 100. Wa pili analeta asilimia 30, mbovu 3 kwa 100. Wa tatu asilimia 20, mbovu 6 kwa 100. Zipu ikifeli, namkata pesa huyu wa tatu. Nakosea?" Ni swali la msimamizi wa karakana ya mahema ya safari, Arusha.

Kwa zipu iliyokwisha kufeli, ndiyo, unakosea. Kwa oda ijayo una hoja nzuri, na ni hesabu nyingine kabisa.

Chota zipu 1,000 za sanduku hilo. Za wa kwanza ni 500, na humo mbovu ni 10. Za wa pili ni 300, mbovu 9. Za wa tatu ni 200, mbovu 12. Jumla ya mbovu ni 31. Hiyo ndiyo kanuni ya uwezekano wa jumla: kila muuzaji anaingia kwa kiwango chake cha ubovu, kikizidishwa kwa sehemu yake ya mzigo.

P(mbovu) = 0.50×0.02 + 0.30×0.03 + 0.20×0.06 = 0.031

Sasa fundi analeta hema. Anavuta kichwa cha zipu ya mlangoni, kinateleza vizuri mpaka juu, lakini nyuma yake meno yanaachia. Zipu hiyo imo kati ya zile 31. Nzima 969 hazituhusu tena. Katika 31 hizo, za wa tatu ni 12, yaani asilimia 39 hivi. Huku ni kurudi nyuma kutoka kwenye ubovu kwenda kwa aliyeuleta, na ndiyo kanuni ya Bayes. Ukimkata wa tatu, kuna uwezekano wa asilimia 61 kwamba umemlipisha mtu kwa mali ya mwenzake. Wa kwanza, unayemwona msafi, anabeba asilimia 32, kwa sababu tu mzigo wake ni mkubwa.

Wapo watakaosema: hata hivyo wa tatu ndiye anayeshukiwa kuliko yeyote. Ni kweli, na kama ningeambiwa nianze kukagua kwa mmoja, ningeanza kwake. Ila kumshuku mtu kwanza si kumdai. Kama lazima gharama ilipwe na wauzaji, igawanywe 10, 9 na 12. Kumbebesha mmoja zote 31 ni dhuluma.

Tugeukie oda ijayo. Ukimwacha wa tatu na sehemu yake ukampa wa kwanza, utadhani umeondoa mbovu 12. Hapana. Zile zipu 200 za badala nazo zitakuwa na mbovu 4, kwa hiyo jumla inashuka kutoka 31 hadi 23. Umeokoa 8. Tuseme kufumua turubai, kubadili zipu na kushona upya kunakugharimu shilingi 15,000. Mbovu 8 ni shilingi 120,000. Ukizigawa kwa zipu 200 ulizohamisha, unapata 600 kwa zipu. Kwa hiyo kama wa tatu anauza chini ya wa kwanza kwa zaidi ya shilingi 600, bado anakufaa, isipokuwa hema likifelia porini, ambako gharama si hiyo tena. Kama tofauti ni shilingi 200, acha kununua kwake.

Kinachonisumbua zaidi ni ile 6 yenyewe. Ilitoka wapi? Kama ulikagua zipu zake 50 ukakuta mbovu 3, kiwango chake halisi kinaweza kuwa popote kati ya kama 1 na 16 kwa 100. Kikiwa 3 tu, mbovu za sanduku zima zinakuwa 25, zake 6, yaani asilimia 24. Wa kwanza anapanda hadi asilimia 40, na mshukiwa mkuu amebadilika.

Tena hesabu yote inadhani zipu zinachanganyika sawasawa. Mafundi wakiwa na mazoea ya kuchagua zile nene kwa ajili ya milango, na nene ni za muuzaji mmoja, basi ile 50, 30 na 20 si mgawo wa milangoni. Hesabu zipu zilizoshonwa mlangoni, usihesabu zilizo kwenye risiti.

Mimi ningenunua nyuzi za rangi tatu leo. Mzigo ukifika, kabla haujaingia sandukuni, kila zipu ipigwe mshono mfupi mwishoni mwa utepe: mwekundu wa kwanza, kijani wa pili, buluu wa tatu. Zipu ikifeli, fundi anageuza utepe na kusoma rangi.