Nyeupe ya Novemba na nyeupe ya Juni

Huku kwetu nyumba hupakwa rangi pesa ya korosho ikishaingia. Minada inaanza Oktoba, malipo yanafuata, na ikifika Novemba fundi rangi anatafutwa kama daktari. Kila mtu hupaka akiwa na hela, hilo sina ugomvi nalo. Ninachosema ni kwamba Novemba ni mwezi wa kudanganya macho, na chumba kinachodanganya kuliko vyote ni kile ambacho madirisha yake yanatazama kusini.

Mtwara iko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Katikati ya Oktoba jua la saa sita linapita juu ya utosi na kuhamia upande wa kusini, kisha linarudi kupita utosini mwishoni mwa Februari. Miezi hiyo, asubuhi na jioni linapenya kwa mshazari kwenye madirisha ya kusini, na mchana, hata kama baraza linalizuia lisiingie ndani, linauwasha uwanja wote ulio mbele ya dirisha. Kuanzia Machi mambo yanageuka. Jua linabaki kaskazini mpaka Oktoba nyingine, kivuli cha nyumba kinalala palepale chini ya dirisha la kusini, na chumba kinaishi kwa mwanga wa anga peke yake. Mwanga wa anga una ubluu.

Kwa hiyo mtu anachagua brilianti waiti mwezi wa kumi na moja, chumba kinawaka kama yai. Juni anakaa sebuleni anajiuliza mbona pamekuwa kama chumba cha sindano. Rangi ni ileile, mwanga ndio uliohama. Na ukiingia mtandaoni kutafuta ushauri, utaambiwa chumba cha kaskazini ndicho cha baridi na cha kusini ndicho cha joto. Walioandika hivyo wanaishi Ulaya na Marekani. Huku kwetu geuza maneno yao, ndipo yakufae.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia nini. Nyeupe ya baridi ni ile yenye chembe ya bluu au kijivu ndani yake, na brilianti waiti nyingi za dukani ziko upande huo. Nyeupe ya joto imetiwa tone la njano, mara nyingine na wekundu kidogo. Ofuwaiti imekwenda mbali zaidi, mpaka jicho linaiona kuwa ni rangi, ingawa mdomo bado unaiita nyeupe. Krimu na magnolia ziko huko. Kuzitambua dukani ni rahisi: weka karatasi nyeupe ya printa pembeni ya kadi ya rangi. Karatasi ya printa ina ubluu, kwa hiyo njano, waridi au ukijani uliojificha kwenye rangi unajitokeza papo hapo. Usiitumie karatasi hiyo kuamua ipi ni nzuri, maana mbele yake karibu kila nyeupe ya joto itaonekana chafu.

Sasa nije kwenye sebule ya dada yangu, upande wa Naliendele. Urefu mita 5, upana mita 4, kimo mita 3, madirisha mawili yote kusini, baraza pana mbele, na uwanja wa udongo mwekundu usio na majani. Fundi wake alikuja na mpango ambao mafundi wengi wanao kichwani: dari brilianti, kuta krimu, fremu na milango brilianti ya mafuta.

"Fundi, zitapatana kweli hizi?" dada aliuliza.

"Mama, nyeupe inapatana na kila kitu."

Nyeupe inapatana na bluu, na kijani, na kahawia. Haipatani na nyeupe nyingine. Jicho halina kipimo chake cha weupe. Linachukua kilicho cheupe kuliko vyote chumbani na kusema hiki ndicho cheupe, vingine vyote ni vichafu. Krimu ya dada, ambayo ingekaa peke yake ingependeza sana, ilibanwa katikati ya brilianti mbili, ya juu na ya pembeni, ikaonekana kama ukuta ambao haujafutwa tangu Idi iliyopita. Juni ilipofika na ule mwanga wa bluu, tofauti ikazidi. Wageni walikuwa wanauliza kwa adabu kama atapaka tena.

Dari nayo ilikuwa na mambo yake. Watu wengi wanafikiri dari inapata mwanga kutoka dirishani. Penye baraza pana si hivyo. Mwanga unapiga uwanjani kwanza, unadunda, ndipo unaingia dirishani ukipanda juu. Ukidunda kwenye udongo mwekundu unapanda na wekundu wake. Alasiri ya Desemba nilisimama pale mlangoni nikaitazama dari ya dada: hatua mbili kutoka dirishani ilikuwa na waridi hafifu, katikati nyeupe, na kule mwisho, juu ya kabati, kijivu. Rangi moja, ndoo moja, dari moja. Brilianti haina pa kuficha kitu. Kila rangi inayorushwa juu yake inaionyesha. Nyeupe ya joto tayari ina kale kawekundu na kanjano, kwa hiyo waridi la udongo linazama ndani yake na dari inaonekana sare. Penye mwembe mkubwa karibu na dirisha utaona jambo hilohilo kwa kijani, na hapo epuka ofuwaiti yenye ukijani, utapata sura ya mgonjwa.

Ungekuwa unajenga Shangani karibu na bahari, kwenye mchanga mweupe, ningesema mengine. Pale mwanga unaodunda ni safi, na brilianti darini inakaa vizuri mwaka mzima. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jirani alipaka nini, tazama uwanja wake ni wa rangi gani.

Kuhusu fremu na milango, tatizo halikuwa chaguo la rangi bali aina yake. Rangi nyeupe ya mafuta hugeuka njano pale mwanga usipofika. Si uchafu, wala si ujanja wa muuza duka. Mafuta yenyewe ndiyo yanayobadilika kadiri yanavyoendelea kukauka, na mwanga wa mchana ndio unaozuia hali hiyo. Ukitaka kuthibitisha, funga mlango ambao siku zote husimama wazi umeegemea ukuta ukatazame upande wa nyuma, au sogeza pazia uangalie fremu iliyokuwa imefunikwa nalo. Utakuta njano kuliko sehemu iliyo wazi. Rangi nzuri ya maji ya ukutani haina tabia hiyo. Maana yake, ukipaka brilianti ya mafuta kwenye fremu na brilianti ya maji ukutani, siku ya kwanza ni pacha, lakini baada ya muda fremu inakuwa krimu na ukuta unabaki ulivyo. Na ukipaka kuta ukafunga madirisha wakati fremu bado mbichi, mvuke wa rangi ya maji unaweza kuharakisha hiyo njano. Kwa chumba chenye kivuli mimi nasema tumia rangi ya maji inayong'aa kwenye mbao. Ikikosekana, chagua mafuta yenye ujoto tangu mwanzo, ili ikigeuka isikushtue.

Tulivyofanya mara ya pili ni kuachana na nyeupe tatu. Tulichagua nyeupe ya joto moja, hafifu, isiyofika krimu, ikawa ndiyo msingi wa chumba kizima. Ukuta ulipakwa hiyo kama ilivyo. Dari ilipakwa hiyohiyo, ikiwa imechanganywa nusu kwa nusu na brilianti ya kampuni ileile na aina ileile isiyong'aa. Dari siku zote huwa na giza kidogo kuliko ukuta, kwa hiyo ile nusu ya brilianti inairudisha mahali pake. Ukitazama unaona zinalingana. Fremu na skatingi zikapakwa rangi ya ukuta ileile, ila ya kung'aa. Ule mng'ao peke yake unatosha kuzitenga na ukuta, huhitaji nyeupe nyingine kuchora mstari.

Na hesabu yake ni nyepesi. Mzunguko wa chumba ni mita 18, mara kimo mita 3 ni mita 54 za mraba. Toa madirisha na milango kama 8, zinabaki 46. Dari ni 20. Kwenye skimingi laini, lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja. Mikono miwili ukutani ni lita 9 na ushee, dari ni lita 4, yaani lita 2 za rangi ya ukuta na 2 za brilianti. Ndoo moja ya lita 20 ya nyeupe ya joto ikamaliza sebule na korido, na brilianti ikanunuliwa galoni moja tu. Changanya ya dari yote kwa mara moja, kwenye ndoo safi. Ikiisha katikati, hutaipata tena vilevile.

Kabla ya hapo tulijaribu kwenye kipande cha haribodi, si ukutani. Mikono miwili, kikauke kabisa, kwa sababu rangi ya maji ikiwa mbichi inaonekana nyeupe kuliko itakavyokuwa. Kipande unakibandika darini, kisha ukutani, kisha karibu na fremu, na unakiangalia asubuhi, alasiri na usiku. Usiku una neno lake: taa nyingi za LED zinazouzwa huku zimeandikwa 6500K, na hizo ni za bluu. Chini yake krimu inafifia na brilianti inaumiza macho. Ukiweka 3000K, nyeupe ya joto inakuwa njano na krimu inakuwa siagi. Dada anatumia 6500K, hataki kusikia habari ya taa za njano, kwa hiyo ujoto wa ukuta wake unafanya kazi hata saa nne usiku.

Kama unapaka Novemba na huwezi kungoja Juni, kiangalie kipande chako siku yenye mawingu mazito, mvua ikijiandaa. Mwanga wa mawingu hauna ubluu kama wa anga tupu, lakini hauna jua la kukudanganya pia.

Brilianti sijaifukuza. Jikoni kwa dada, dirisha liko magharibi na jua la saa kumi linaingia likiwa la dhahabu. Pale tumeweka nyeupe ya baridi kuta zote, kwa sababu ya joto ingegeuka chungwa kila jioni. Korido isiyo na dirisha ndiyo watu wanayoikosea: wanapaka brilianti ili iwe na mwanga. Rangi hairudishi mwanga ambao haukuingia. Brilianti gizani ni kijivu, na kwa dada korido ilipata mabaki ya ndoo ya sebuleni pamoja na balbu ya pili.