Antibiotiki Kali ya Mafua

"Daktari, antibiotiki gani ni kali zaidi kwa mafua ya mtoto?" Sisi wauza dawa si madaktari, ila tumeshazoea kuitwa hivyo. Swali lenyewe lina kasoro kwenye mzizi: mafua huletwa na virusi, na antibiotiki hupambana na bakteria. Iwe kali au nyepesi, haitayagusa. Wenzangu wengi humweleza mteja hivyo papo hapo, na nadhani wanawahi mno.

Mama anasema mafua kwa sababu kamasi ndizo zinazoonekana. Kinachomtia hofu bado hajakitaja. Kwa hiyo mimi huanza hivi: "Mama, umeona nini hasa hadi ukafikiria antibiotiki?" Akisema mtoto anapiga chafya tangu jana lakini ananyonya na kucheza, hapo ndipo namweleza habari za virusi, na kwa kawaida ananisikiliza, maana nimemsikiliza kwanza.

Tuseme jibu ni jingine: mtoto ana miezi 9, anakohoa, na tangu usiku anahema harakaharaka. Namwomba mama amtulize, nafunua kifua, nahesabu pumzi kwa dakika nzima huku nikitazama saa. Mtoto akiwa analia au ananyonya, hesabu hiyo haina maana. Napata 56. Kwa mwenye kikohozi, wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi huashiria nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, kipimo ni 40. Natazama pia kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa. Huyu ni wa kupelekwa kituo cha afya leo hii, na huenda akapewa amoksilini, ambayo ni antibiotiki. Mama alikosea jina la ugonjwa tu. Ningeanza kumsahihisha, angeondoka na maelezo sahihi kabisa kuhusu mafua, na nimonia ingebaki mgongoni kwake.

Hata hivyo, kuuliza kwanza si kanuni ya kila swali. Mzazi akiniuliza, "Aspirini nimpe nusu au nzima, ana homa ya mafua?", sianzi na maswali, kwa sababu kidonge huenda tayari kiko nyumbani. Namwambia kwa upole, "Hiyo usimpe, mama, kwa homa ya mtoto tunatumia parasetamoli kulingana na uzito wake." Aspirini kwa mtoto mwenye maambukizi ya virusi inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hushambulia ini na ubongo. Maswali yanafuata baada ya hapo.

Mtoto wa chini ya miezi miwili anayehema vibaya au kukataa ziwa, au mwingine yeyote aliyepata degedege, simhojii mama wala simsahihishi. Namwambia aende hospitali sasa hivi, mambo ya antibiotiki atayakuta huko.