Vumbi la gemu: gusa ukubwa kabla hujagusa idadi

Gemu ikikwama kwenye simu ya bei nafuu kila vumbi, moshi au moto unapotokea, ushauri unaosikika kila mahali ni mmoja: punguza chembe, yaani vile vipicha vidogo vinavyolundikana kuwa wingu. Mimi napinga mpangilio huo. Idadi ya chembe ni kitu cha mwisho kugusa, na anayeanza nayo mara nyingi anaiharibu sura ya gemu yake huku simu ikiendelea kusuasua. Kinachoilemea simu ndogo, mara nyingi, ni eneo la skrini ambalo chembe hizo zinalipaka, na idadi ya mara ambazo pikseli ileile inapakwa ndani ya fremu moja.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Sisi wa Dodoma tukitengeneza gemu yenye bodaboda, vumbi si pambo. Ukitoka tu kwenye lami kipindi cha kiangazi, pikipiki iliyo mbele yako inakuachia wingu jekundu ambalo kwa sekunde kadhaa linaficha barabara, na dereva mzoefu anajua kupunguza mwendo au kuhama upande upepo unapotoka. Mchezaji wa hapa anategemea kuliona hilo. Kwa hiyo lile jibu la kuweka kitufe cha kuzima vumbi lote kwenye simu ndogo silikubali. Maana yake ni kwamba mwenye simu ndogo anapewa gemu nyingine, ya mahali pengine.

Nieleze kwanza kinachotokea. Vitu vigumu kama ukuta, gari au mbuyu vikifunikana, chipu ya picha huweza kujua kilicho nyuma hakionekani, ikaacha kukipaka. Vumbi halina bahati hiyo, kwa sababu unaona kupitia ndani yake. Kila tabaka lazima lichanganywe na rangi iliyokwisha kuwepo, kama fundi anayepaka ukuta chokaa nyepesi mkono baada ya mkono. Chembe kumi zikilaliana mahali pamoja, pikseli za hapo zinafanyiwa kazi mara kumi, na kila mara picha ya chembe inasomwa upya. Hata sehemu ya picha iliyo tupu kabisa, isiyoonyesha chochote, inalipiwa karibu bei ileile.

Kijana mmoja anayetengeneza gemu ya bodaboda kwa programu ya Unity aliniletea simu yake tuangalie. Aliniambia, "Kaka, chembe nimeshapunguza nusu, lakini bado inakwama. Na sasa vumbi lenyewe limekuwa mabaka mabaka." Nikamwomba aendeshe mbele yangu. Pikipiki ya mpinzani ikiwa mbali, gemu ilikwenda vizuri. Ilipomkaribia na kamera ikaingia ndani ya wingu, picha ikaanza kuruka. Hapo ndipo penye ushahidi wenyewe: idadi ya chembe ilikuwa ileile, mbali na karibu. Kilichobadilika ni ukubwa wake kwenye skrini. Ukiona gemu inakwama kwa kukaribia tu, usihangaike na idadi.

Lakini macho peke yake hayatoshi, na kabla ya kurekebisha chochote napenda kufanya jaribio hili:

```csharp
Application.targetFrameRate = 60;
Screen.SetResolution(Screen.width / 2, Screen.height / 2, true);
```

Mstari wa kwanza ni muhimu kwa sababu Unity kwenye simu kwa kawaida hujifunga kwenye fremu 30 kwa sekunde, na ukiuacha hivyo unaweza kupima dari badala ya kazi. Mstari wa pili unapunguza pikseli hadi robo. Picha itakuwa na ukungu, hilo si tatizo, ni kipimo tu. Kama gemu inakuwa nyepesi ghafla, tatizo lako ni upakaji. Kama haibadiliki, basi mzigo uko kwingine, huenda kwenye kukokotoa mwendo wa maelfu ya chembe ndogo au kuzigonganisha na ardhi, na hapo ndipo ushauri wa kupunguza idadi unapokuwa sahihi tangu mwanzo. Gemu ya yule kijana ilibadilika papo hapo. Unity pia ina mwonekano uitwao `Overdraw` kwenye dirisha la `Scene`, ambao hung'aa zaidi pale matabaka yanapolaliana. Tulipoufungua, wingu lake lilikuwa doa jeupe katikati ya skrini.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo inayonifanya niseme ninayosema. Simu yake ina skrini ya pikseli 1600 kwa 720, yaani 1,152,000. Kabla hajapunguza, vumbi lilikuwa linatoa chembe 40 kwa sekunde, kila moja ikiishi sekunde 2, kwa hiyo wakati wowote zilikuwepo hewani 80. Kwa wastani kila moja ilikuwa mraba wa pikseli 300 kwa 300, ambao ni pikseli 90,000. Zidisha kwa 80 upate milioni 7.2. Vumbi peke yake lilikuwa linaipaka skrini nzima zaidi ya mara sita katika kila fremu, na ukitaka fremu 60 kwa sekunde una milisekunde zisizofika 17 za kumaliza kazi yote. Alipoua nusu ya chembe alifika milioni 3.6. Ukikata upana kwa nusu badala yake, mraba unakuwa 150 kwa 150, na chembe zote 80 zinagharimu milioni 1.8 tu. Idadi ikipungua nusu, kazi inapungua nusu. Upana ukipungua nusu, kazi inabaki robo.

Utasema vumbi dogo si vumbi la Dodoma. Ni kweli, na ndiyo maana nilimwomba anifungulie picha yenyewe ya chembe kabla ya kugusa ukubwa wowote. Ilikuwa mraba wa 1024 kwa 1024, na katikati yake pafu la vumbi, yaani kijiwingu kimoja, lililochukua asilimia 70 tu ya upana. Pembeni kote kulikuwa kutupu. Duara linalochukua asilimia 70 ya upana wa mraba linajaza asilimia 38 ya eneo lake, kwa hiyo zaidi ya nusu ya kazi ilikuwa inakwenda kupaka hewa. Tukakata pembezoni mpaka pafu likagusa kingo, kisha tukashusha ukubwa wa chembe kutoka 300 hadi 210 ili pafu lenyewe libaki na upana uleule. Tukarudisha chembe zake zote 80. Hesabu: 210 kwa 210 ni 44,100, mara 80 ni kama milioni 3.5. Amefika palepale alipokuwa amefika kwa kuua nusu ya chembe, na safari hii hakuna mchezaji atakayeona tofauti. Kwangu hili ndilo kosa linalolipa haraka kuliko yote, na ajabu ni kwamba picha nyingi za moshi na vumbi zinazogawiwa bure zimekaa hivyohivyo, na nafasi kubwa pembeni.

Kwa kuwa picha ilikuwa wazi mbele yetu, tukaipunguza hadi 256 kwa 256. Ile ya 1024 bila kubanwa inakula megabaiti 4 za kumbukumbu. Ya 256 iliyobanwa kwa ETC2, ambayo simu yoyote yenye OpenGL ES 3.0 inaielewa, ni kilobaiti 64. Faida kubwa ilikuwa kwenye kumbukumbu, ila kuna kitu kingine: hakuwa amewasha `Generate Mipmaps`, inayotengeneza nakala ndogondogo za picha za kutumia inapoonekana ndogo, kwa hiyo chipu ilikuwa inasoma picha kubwa kwa kurukaruka ili kuijaza sehemu ndogo ya skrini, na kusoma kwa namna hiyo kunachelewesha. Vumbi halina kona kali za kupoteza. Tuliweka picha mbili kando kwa kando na mimi mwenyewe sikuweza kuzitofautisha.

Kisha tukaja kwenye umri wa chembe. Vumbi lake lilianza dogo na zito, likapanuka huku likififia, kama vumbi lolote. Maana yake ni kwamba katika sekunde ya pili kila chembe ni pana kuliko ilivyowahi kuwa na inaonekana kwa shida. Inagharimu zaidi wakati inaonyesha kidogo zaidi. Kufifia hakupunguzi bei hata kidogo, pikseli yenye asilimia 2 ya rangi inachanganywa sawa na yenye asilimia 90. Tukashusha umri hadi sekunde 1. Hapo, ndiyo, tukagusa na idadi, ila kwa mwisho:

```csharp
var main = vumbi.main;
main.startLifetime = 1f;
var emission = vumbi.emission;
emission.rateOverTime = 24f;
```

Hewani zikabaki chembe 24, na kwa kuwa zile kuukuu zilizotanuka hazipo tena, wastani ukashuka hadi kama pikseli 150. Jumla ni 540,000, chini ya nusu ya skrini, kutoka zaidi ya skrini sita.

Wingu likawa jepesi, bila shaka. Dawa yake ni uzito wa kila tabaka. Matabaka sita yenye rangi ya asilimia 10 kila moja yanaficha asilimia 47 ya kilicho nyuma. Matabaka mawili ya asilimia 27 yanaficha asilimia 47 hiyohiyo, kwa theluthi ya kazi. Kinachopotea ni ulaini: chembe zikiwa chache na nzito, jicho huanza kuona pafu mojamoja likizunguka. Tulichora mapafu manne tofauti kwenye picha moja ya 512 na kila chembe ikachagua lake, na mabaka yale aliyoyalalamikia yakaisha. Ukipandisha uzito bila kubadilisha michoro, yatarudi.

Kilibaki kile cha kukaribia. Kwenye moduli ya `Renderer` kuna `Max Particle Size`, ambayo kwa kawaida imewekwa 0.5, yaani chembe moja inaruhusiwa kufika nusu ya skrini. Tuliishusha hadi 0.2. Usishuke sana, kwa sababu chembe ikigonga kikomo inaacha kukua huku dunia ikikukaribia, na wingu linaonekana limesimama mbele ya kioo. Kwenye gemu ya yule kijana, 0.15 ilionekana hivyo na 0.2 haikuonekana.

Mwisho, pima simu ikiwa imepata moto. Simu za bei hii hushusha kasi ya chipu zikichemka, na gemu inayokwenda vizuri dakika ya kwanza ndani ya chumba inaweza kusuasua baada ya robo saa nje, mwanga wa skrini ukiwa juu kabisa kwa sababu ya jua la mchana. Tuliyoyafanya yalibaki imara hata hivyo, isipokuwa pale pikipiki tatu zilipokutana ndani ya fremu moja. Kwa hali hiyo nilimshauri wapinzani walio mbali zaidi wapewe pafu moja la kuburuta nyuma ya tairi badala ya mfumo mzima wa chembe, na hicho ndicho anachokifanyia kazi sasa.