Miezi 14, alama 6 kwenye kalenda

"Mwana wetu ameoa mwaka na miezi miwili sasa. Hedhi ya mkewe huja ikipenda, mtoto hakuna, na tukiuliza tunaambiwa tunamwonea. Kosa letu ni lipi?"

Kuuliza si kosa. Katika kisa hiki cha Umoja, Nairobi, mama mkwe ndiye aliyetangulia kuona kwamba kuna jambo, na aliona sawasawa: ni ugonjwa wa homoni uitwao PCOS, yaani ovari zenye vivimbe vingi. Hedhi ilipokosekana mwezi wa pili mfululizo, alituma ndizi na maziwa kutoka mashambani akijua ni mimba. Kipimo cha mkojo kilipokataa, furaha ikageuka tuhuma: huyu anadungwa sindano ya kupanga uzazi kisirisiri. Hata tuhuma hiyo haikuzuka hewani, kwa maana sindano ya miezi 3 huwakatizia wengi hedhi, na uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi baada ya kuiacha.

Ila hakuna aliyemuuliza hali hii ilianza lini. Ilianza akiwa kidato cha pili, pamoja na chunusi za taya na nywele chache ngumu kidevuni, ambazo mpaka leo huzing'oa kwa kibanio mlango ukiwa umefungwa. Sindano ya mwaka jana haiwezi kueleza jambo la miaka kumi iliyopita.

Hapo ndipo hesabu ya wakwe ilipomdhulumu. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna kalenda aliyoitia alama ya kalamu nyekundu kila alipopata hedhi. Ndani ya miezi 14 zilikuwa alama 6, na pengo refu kuliko yote lilikuwa siku 94. Mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 au 30 hupata nafasi kama 14 za mimba katika muda huo. Huyu alipata 6 kwa wingi, kwa sababu hedhi inaweza kutoka hata kama yai halikupevuka, na hakuwa na njia ya kujua siku yenyewe ni ipi. Kwa hesabu ya mayai, basi, ndoa yake ilikuwa haijazidi nusu mwaka. Nani humwita tasa bibi harusi wa miezi 6? Wifi zake walimwita, mbele ya wageni, na yeye akaendelea kuandaa chai.

Kliniki ilipima kwanza mimba, kisha homoni za tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, kwani hizo nazo zikivurugika huzuia hedhi. Zilikuwa sawa. Skani ikaonyesha vifuko 24 kwenye ovari ya kushoto, kila kimoja chini ya milimita 10, vimejipanga pembeni kama shanga. Vifuko 20 au zaidi kwenye ovari moja, kwa mashine nzuri, ni dalili. Ila picha peke yake haitoshi. Kwake kulikuwa pia na hedhi ya kurukaruka na nywele za kidevu.

"Basi wautoe huo uvimbe," mama mkwe akasema. Jina la ugonjwa ndilo lililomponza. Hivyo si vivimbe vya kukatwa, ni mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani, mara nyingi kwa sababu insulini iliyozidi huichochea ovari itengeneze homoni nyingi za kiume.

Katika jambo moja mama mkwe alikuwa na haki kuliko wote waliomwambia mkaza mwana asubiri tu. Hedhi isipokuja miezi 3, utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huendelea kunenepa bila kumwagika, na ikiwa hivyo kwa miaka, hatari ya saratani ya mfuko huo hupanda. Mitishamba aliyomletea haikuugusa utando huo. Daktari alimpa vidonge vya aina ya projesteroni kwa siku 10, na damu ikatoka siku chache baada ya kuvimaliza. Hiyo ikawa alama ya saba.

Kabla ya dawa ya kupevusha yai, daktari alitaka kipimo cha mbegu za mume, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7. Kipimo hicho kilistahili kuwa miongoni mwa vya kwanza, si cha mwisho. Ni cha kikombe tu, na kwa miezi 14 hakuna wifi aliyekitaja. Majibu yalikuwa mazuri. Mke akaanza letrozoli, miligramu 2.5 kwa siku, kuanzia siku ya 3 ya hedhi hadi ya 7. Siku ya 23 damu yake ilipimwa projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, ikaonyesha yai limetoka.

Mimba haikuingia mzunguko huo. Alama ya nane ilitiwa siku 31 baada ya ya saba, na safari hii aliyeshika kalamu nyekundu alikuwa mumewe.