Alfa inayobaki baada ya SMB na HML

Meneja wa mfuko wa hisa anapojisifu kwa alfa, yaani faida inayobaki baada ya kuondoa ile inayoelezwa na soko au vigezo vingine, swali langu la kwanza ni moja: alfa hiyo imepimwa dhidi ya nini? Ikiwa regresheni ina soko peke yake, kinachoitwa ustadi huenda ni uamuzi tu wa kununua kampuni ndogo na zenye bei ya chini ikilinganishwa na thamani yao ya vitabuni, jambo ambalo hata kanuni ya kimashine ingeweza kulifanya.

Mwaka 1993 Eugene Fama na Kenneth French waliongeza vigezo viwili kwenye kile cha soko. SMB ni tofauti kati ya faida ya hisa za kampuni ndogo na ile ya kampuni kubwa. HML ni tofauti kati ya hisa ambazo thamani yake ya vitabuni ni kubwa kulinganisha na bei na zile ambazo thamani hiyo ni ndogo. Mlinganyo wake ni huu, ambapo Rp ni faida ya mfuko, RF ni faida ya uwekezaji usio na hatari, Mkt ni faida ya soko, b (beta), s na h hupima jinsi mfuko unavyofuata kila kigezo, na e ni masalia, yaani kisichoelezwa:

```
Rp - RF = alfa + b(Mkt-RF) + s(SMB) + h(HML) + e
```

Tuchukue mfuko wa kubuni unaonunua hisa za kampuni ndogo zenye bei ya chini, wenye takwimu za miezi 240. Regresheni ya soko pekee inatoa beta ya 1.00 na alfa ya asilimia 0.31 kwa mwezi, yenye kosa sanifu la 0.155, yaani takwimu t ya 2.0. Tukiongeza vigezo viwili tunapata s ya 0.6, h ya 0.5 na alfa ya 0.05 tu. Ile asilimia 0.26 imekwenda wapi?

Wengi hujibu kwa kuzidisha s na h kwa wastani wa SMB na HML, na hapo hesabu hukataa kulingana, kwa sababu sehemu ya wastani huo imekwisha kuelezwa na soko lenyewe. Kinachotakiwa ni kufanya regresheni ya SMB juu ya soko, kisha ya HML juu ya soko, katika miezi ileile, na kuchukua alfa ya kila moja. Tuseme alfa ya SMB ni 0.10 na ya HML ni 0.40: basi 0.6 mara 0.10 ni 0.06, na 0.5 mara 0.40 ni 0.20, jumla 0.26 kamili. Ulinganifu huu ni wa kialjebra, si wa kukadiria, kwa hiyo ukikosekana ujue kuna kosa katika takwimu. Mara nyingi kosa lenyewe ni dogo la kuudhi: faili la French limeandikwa kwa asilimia ilhali faida za mfuko ziko katika desimali, au mtu ameondoa RF kutoka SMB na HML, ambazo tayari ni tofauti za mafungu mawili ya hisa na hazihitaji kuondolewa chochote.

Jambo linalosahaulika ni kwamba alfa ndogo inaweza kuwa imepimwa vizuri zaidi. Katika mfano wetu mtawanyiko wa masalia unashuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.1 kwa mwezi, na kosa sanifu la alfa linashuka hadi takriban 0.07. Takwimu t sasa ni 0.7, ambayo haitoshi kukana kuwa alfa ni sifuri. Lakini uwezekano wa alfa ya kweli kufikia 0.31 nao umekaribia kutoweka, na hilo regresheni ya kwanza isingeweza kutuambia.

Mfuko wa hisa za ukuaji, yaani zile ambazo thamani yake ya vitabuni ni ndogo kulinganisha na bei, wenye h ya -0.4, hugeuka upande wa pili: alfa ya soko ya -0.10 inapanda hadi 0.06 ikiwa s ni sifuri na alfa ya HML ni ileile 0.40. Meneja huyo hakuwa dhaifu. Mtindo wake ndio uliopitia kipindi kibaya. Katika miaka ambayo HML ilifanya vibaya, kama ilivyokuwa Marekani kwa sehemu kubwa ya miaka ya 2010, marekebisho hayohayo hupunguza alfa yake badala ya kuiongeza.

Hata hivyo sikubaliani na wanaoichukulia alfa ya vigezo vitatu kuwa kipimo safi cha ustadi. SMB na HML ni mafungu ya kwenye karatasi: hayalipi ada wala gharama za kununua na kuuza, na upande mmoja wa kila fungu unahitaji kuuza hisa za kuazima, ilhali faida za mfuko huwa zimekwisha kukatwa gharama. Zaidi ya hayo, Russell 2000, faharasa ya kampuni ndogo za Marekani ambayo haina meneja anayechagua hisa, ilipewa alfa hasi na vigezo vya aina hii kwa takwimu za kuanzia 1980 hadi 2005. Ndiyo maana kabla ya kusoma alfa ya mfuko huwa ninaipitisha faharasa ya mtindo uleule katika mlinganyo uleule, kwa miezi ileile, na kutazama tofauti ya alfa hizo mbili: meneja wa kampuni ndogo aliyepata sifuri wakati faharasa yake imepata hasi amewapa wateja wake zaidi ya walichoweza kupata kwa kuinunua faharasa hiyo.