Korasi ibaki vilevile au ibadilike na stori?

"Kaka, nina wimbo wa stori, beti tatu. Nataka korasi kila ikirudi ibadilike kidogo, maana isogee na stori. Prodyuza wangu hataki, anasema korasi ni ileile mwanzo mwisho, watu wataimba nini sasa? Nani yuko sahihi?"

Mdogo wangu, prodyuza wako anajua anachosema, nianze na huyo. Ukienda ngomani huku kwetu Kusini utaona mwimbishaji ndo anatembea na maneno, leo kasema hivi, dakika mbili mbele kasema vingine, ila waitikiaji wanajibu kilekile na ndo maana mtu aliyefika sasa hivi na vumbi la safari bado miguuni anaingia anaitikia bila kufundishwa. Korasi kazi yake ni hiyo. Ukianza kuichokonoa kila ikirudi unamnyang'anya mtu kile kipande pekee alichoshika, na mtu akikosea mbele za watu mara moja, ya pili anafunga mdomo.

Na kuna hoja yake nyingine nzito zaidi ambayo labda hajakwambia vizuri. Korasi inaweza kubadilika maana bila kuguswa hata herufi, ubeti ndo unaibadilisha. Mtu akiimba "narudi nyumbani mama" kwenye ubeti wa kwanza mama yuko mlangoni anampungia, halafu akaimba maneno yaleyale baada ya ubeti wa msiba, si utasikia tofauti mwenyewe? Kama beti zako zina nguvu hiyo, wallahi usiguse kitu.

Sasa mi nikwambie kwanini pamoja na hayo yote nipo upande wako, ila nusu tu.

Kiswahili kinakupa kitu ambacho ni dhambi kukiacha. Mwaka juzi niliandika wimbo wa kijana kaondoka Tandahimba kwenda Dar, kamwambia mama atarudi msimu wa korosho. Korasi ikawa "Korosho zikianguka, narudi nyumbani mama". Hesabu mizani, nane kwa nane, kumi na sita, kama shairi la darasani kabisa. Angalia hapo kwenye zikianguka, ile -ki- ni silabi moja tu na ndo imebeba ahadi yote, maana yake bado, zikianguka ndo atarudi. Korasi ya pili, mwezi wa kumi umefika, mabibo yametapakaa chini ya mikorosho na mama anaokota peke yake, nikaweka -me-. "Korosho zimeanguka, narudi nyumbani mama". Mizani haijasogea, melodi haijasogea, ila ile narudi iliyokuwa ahadi sasa hivi ni deni, tena ni kama mtu anayekwambia kwenye simu "niko njiani" na unasikia kabisa yuko kitandani.

Halafu ona, nusu ya pili sikuigusa. Wale wa kuitikia wana kipande chao, mimi nimebadilisha cha mwimbishaji. Hapo wewe na prodyuza wako hamna ugomvi wowote, ni utaratibu uleule wa ngomani.

Tatizo sasa ni kwamba silabi moja ni ndogo mno. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo zikianguka inapiga kwenye -ngu-, na ile -ki- inapita haraka haraka nyuma ya ngoma hakuna mtu anaisikia. Demo ya kwanza niliwasikilizisha madereva wa boda pale kijiweni, wanne, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba kuna kitu kimebadilika!! Nikarudi studio kusikiliza vizuri nikakuta na upuuzi mwingine, ambao ni wa kwangu mwenyewe. Sauti kubwa nilirekodi upya lakini zile sauti za nyuma nilikopi tu kutoka korasi ya kwanza nikapesti, kwahiyo mbele naimba -me- nyuma wanaimba -ki- na matokeo yake ni uji, husikii hii wala ile. Ukiamua kubadilisha korasi basi rekodi zote upya, mpaka zile za nyuma, na hapo ndo unaelewa kwanini prodyuza hataki maana hiyo ni kazi mara tatu.

Tulichofanya, tulihamisha -me- ikae juu ya pigo zito na tukaivuta kidogo, ziMEEanguka, na ngoma ya kiki tukaitoa kwa nusu ba hapo hapo ili sauti ibaki tupu. Kesho yake kijiwe kilekile, mmoja aliyekuwa anafuatisha kwa mdomo akaimba "ziki" akakwama, akacheka, akasema aa kumbe zishaanguka. Hicho ndo kipimo changu mpaka leo. Mpe mtu korasi ya kwanza mara mbili aishike (ndo maana korasi ya kwanza mi huwa naiimba mara mbili mfululizo bila kubadili kitu), halafu mwangalie kwenye ile iliyobadilika. Akijikwaa sehemu moja tu na akaendelea, umepatia. Asipojikwaa kabisa, umebadilisha kidogo mno au umeifunika na ala. Akinyamaza kabisa akakutazama, umezidisha, hiyo si korasi tena umeandika ubeti wa nne.

Korasi ya mwisho ndo niliyobishana nayo sana. Hapo anaimba mama. "Korosho zikianguka, hurudi nyumbani mwana". -Ki- nimeirudisha, mizani ni zilezile, ila sasa nimegusa nusu ya waitikiaji, na hiyo ndo gharama niliyoilipa, watu ukumbini bado wanaimba narudi mama juu ya sauti ya mama anayesema hurudi. Na hurudi yenyewe ina midomo miwili. Inaweza kuwa ya mazoea, kila zikianguka mwanangu huwa anarudi, au ni ya kukanusha, wewe mwana hurudi. Maandishi ni yaleyale, matamshi yaleyale.

Prodyuza wangu alisema chagua moja, msikilizaji usimwachie mtihani, na hoja anayo, kwasababu mtu aliyeingia katikati ya wimbo atasikia ya mazoea na kuondoka anajua kijana alirudi, stori nzima imeharibika. Nilichofanya ni kumalizia ubeti wa tatu na mama anakunja mkeka wa pili ambao haujalaliwa. Baada ya mkeka huo ukisikia hurudi unajua, au unajua kwamba mama mwenyewe anajidanganya, mi zote nazitaka.

Kwahiyo wako usibadilishe kila mahali. Achana nayo kabisa kama ni wimbo wa kucheza, au kama unategemea kipande cha sekunde kumi na tano kitembee kwenye simu za watu, pale hakuna stori ya kusogea na mtu hatofika korasi ya tatu. Kama ni wa kusikilizwa, tafuta kwenye korasi yako lile neno ambalo kiambishi chake kimoja kikigeuka linageuka lote, narudi na sirudi, ningekuja na nilikuja, kisha mwimbie prodyuza bila biti, kwa mdomo tu.

Wimbo ule nilimpigia mama yangu kwenye simu ndogo, spika mbovu. Akasema kijana mzuri huyo, kila msimu hurudi. Mama mdogo alikuwa pembeni anachambua mboga, akamwangalia dada yake, hakusema kitu.